Kuishi Bukavu, kuzikwa Walungu: namna ya kupanga pesa, safari na misiba ya kijijini

Mtu wa Bukavu mwenye kwao Walungu, Kabare, Kalehe au Idjwi hajahama kweli. Shamba la baba liko kule, mama yuko kule, na siku moja yeye mwenyewe au mtu wa nyumba yake atarudishwa kule ndani ya sanduku. Mambo ya kijiji humjia vipande vipande: leo ni simu ya dawa, kesho karo ya mtoto wa kaka, keshokutwa usiku mtu analia kwenye simu. Kila simu inajibiwa kwa pesa iliyopo mfukoni siku hiyo. Halafu msiba ukifika mfuko mtupu, na hapo ndipo familia hukopa kwa riba kali, huuza kipande cha shamba, au huanza kushutumiana mbele ya wageni.

Mwongozo huu unahusu namna moja ya kulizuia hilo: kutenga pesa ya msiba na pesa ya kula tangu mapema, kuituma kwa njia inayoacha alama, na kutumia safari za kijijini kwa mambo ambayo simu haiyawezi. Nimechukua familia yenye asili katika teritwari ya Walungu, sheferi ya Ngweshe, kwa sababu ndiyo njia ninayoifahamu zaidi. Mtu wa Idjwi ataweka boti mahali ninaposema gari, na mengine yatabaki vilevile.

Hatua ya kwanza: mifuko mitatu, daftari moja

Akina mama wengi wa Kadutu na Bagira wanazijua Muso, vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana. Katika Muso pesa haichanganywi. Kuna kasha la kijani, ambalo wanachama huweka akiba yao na kukopeshana. Kuna kasha jekundu, la ugonjwa, kifo na balaa nyingine, na kinachotoka humo ni msaada, hakirudishwi kama mkopo. Kuna pia kasha la bluu, la pesa inayotoka nje ya kikundi. Aliyefiwa haombi pesa ya kijani, na anayetaka mtaji wa kuuza sambaza hagusi nyekundu.

Familia inaweza kuiga mpango huo bila kuandikisha chochote. Ndugu walio mjini wakae siku moja, na walio mbali waingie kwa simu. Wakubaliane mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa matunzo: chumvi, sabuni, dawa na mafuta ya wazazi kila mwezi. Wa pili ni mwekundu, wa msiba na ugonjwa mzito wa kulazwa. Wa tatu ni wa njia na karatasi: nauli za kutembelea, hati za shamba, mpaka unaogombaniwa, bati lililopasuka.

Tuichukue familia yenye watoto watano. Wa kwanza ni fundi cherehani Kadutu, wa pili ni dada muuguzi, wa tatu ni motari, wa nne yuko Lubumbashi, na kitinda mimba amebaki kijijini na wazazi. Wanne wa mjini wamekubaliana hivi kwa mwezi: fundi dola 15, muuguzi 15, wa Lubumbashi 15, motari 10. Jumla 55. Thelathini zinakwenda kwa wazazi, 15 zinaingia mfuko mwekundu, 10 mfuko wa njia. Kitinda mimba hatoi pesa, kwa sababu yeye anatoa mikono: ndiye anayechota maji, anayempeleka baba kwenye kituo cha afya, anayelinda shamba. Hilo liandikwe kwenye daftari kama mchango. Lisipoandikwa, siku ya kugawana urithi watu wa mjini watasema "huyu hakutoa hata faranga", na maneno hayo yameharibu nyumba nyingi.

Kiasi kiwe kidogo ambacho hata mwezi mbaya unakibeba. Familia inayojipangia dola 40 kwa kila mtu hulipa miezi miwili, wa tatu mmoja anashindwa, wa nne wengine wanasema "mbona yeye hatoi", na mpango umekufa. Motari ambaye pikipiki yake imeshikwa asitoe mwezi huo, ila aseme mapema, na daftari liandike "amesema".

Mfuko mwekundu ukae kwa mtu ambaye si mkubwa wa familia. Mkubwa ndiye anayeombwa na kila mtu, na ni vigumu kwake kukataa. Katika familia yetu unakaa kwa dada muuguzi, na fundi ndiye mwenye daftari. Mmoja ana pesa bila daftari, mwingine ana daftari bila pesa. Kila mwisho wa mwezi wanasomeana.

Hatua ya pili: kutuma pesa ifike, na ijulikane imefika

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimerahisisha sana jambo hili. Kabla ya kuchagua mtandao, uliza ni upi unaoshika kule nyumbani, si ule unaoupenda wewe. Katika vilima vya Ngweshe kuna kijiji ambacho mtandao mmoja unashika mpaka jikoni na mwingine unataka upande kilima. Mama wa miaka 70 hawezi kupanda kilima kila akitumiwa pesa, kwa hiyo atampa mtoto wa jirani simu pamoja na namba ya siri, na hapo ndipo pesa inapoanza kupungua.

Angalia pia laini ya mama imeandikishwa kwa jina la nani. Mara nyingi ni la mpwa aliyeinunua siku hiyo, au la wakala aliyekuwa na haraka. Siku simu ikipotea, au mama akifariki salio likiwa ndani, mwenye haki ya kudai ni yule mwenye jina. Safari yako ya kwanza ikifika, nenda naye kwa wakala akiwa na kadi yake ya mpiga kura, laini iandikishwe kwa jina lake. Ni kazi ya asubuhi moja.

Akaunti za simu zetu zina upande wa dola na upande wa faranga. Tuma faranga kama ni ya kula. Wakala wa kijijini hana dola, na akiwa nazo atazibadilisha kwa kiwango chake mwenyewe. Ongeza daima pesa ya kutolea. Ukimtumia mama 50,000 kamili, akakatwa wakati wa kutoa, yeye hajui makato ni nini. Anajua tu kwamba ulisema 50,000 na amepata pungufu, na anaanza kumshuku kijana aliyemsindikiza.

Tangu Februari 2025, benki zilipofungwa Bukavu, tumeonja tatizo jingine: salio liko kwenye simu, wakala hana noti. Kijijini hali hiyo huwa mbaya zaidi. Dalili yake ni rahisi kuiona: mama anakwambia "amesema nirudi kesho" mara mbili mfululizo, au wakala anaomba nyongeza juu ya makato ya kawaida. Ukisikia hivyo, acha kutuma kiasi kikubwa kwa mara moja. Gawanya mara mbili katika mwezi, na elekeza siku ya soko, kwa sababu siku hiyo wachuuzi huleta noti kwa wakala. Watu wa upande wetu huangalia siku ya soko la Mugogo.

Njia ya zamani ya kumpa msafiri bahasha haijafa, na kwa noti taslimu bado ninaiamini, mradi umtumie mtu anayejulikana pande zote mbili, kama dereva wa gari la kila siku au mama mchuuzi. Hesabu pesa mbele yake, funga, kisha mpigie mpokeaji wewe mwenyewe na umtajie kiasi kabla gari halijaondoka. Ukituma dola, chagua noti safi. Sote tunajua kwamba huku kwetu dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha inakataliwa, wakati faranga iliyobandikwa gundi inapita. Mama anayepewa dola 20 iliyochanika anabaki na karatasi tu.

Kila pesa iende na jina la kazi yake. Usiseme "nimetuma kitu kidogo". Sema: "Mama, 40,000 ni ya mwezi, 15,000 ni ya mbegu za maharagi." Mbegu ziwe mikononi mwake kabla mvua ya Septemba haijashika. Pesa ya mbegu inayofika Oktoba inaliwa, na huwezi kumlaumu aliyeila. Karo ya shule ipelekwe shuleni moja kwa moja, na kitinda mimba apige picha ya karatasi ya malipo. Kwa ugonjwa, omba kwanza kuongea na muuguzi wa kituo cha afya, uulize dawa gani na bei gani. Si kwa sababu unawashuku ndugu zako. Mgonjwa akiwa mahututi, watu wa nyumbani hutaja kiasi chochote kinachowajia kichwani, na mara nyingi ni kidogo kuliko kinachohitajika.

Hatua ya tatu: kutembelea ukiwa na kazi ya kufanya

Watu wengi wa mjini huenda kijijini wakati wa Krismasi na wakati wa misiba. Nyakati zote mbili kuna watu wengi, pombe ya kasigsi, kelele, na hakuna anayekaa kuongea jambo. Angalau safari moja ya mwaka iwe ya kimya, Juni mpaka Agosti, barabara ikiwa kavu. Mfuko wa njia umekusanya dola 120 kwa mwaka: zinatosha nauli, zawadi na karatasi moja au mbili.

Ukifika, usiingie ndani na kulala. Msalimie shefu wa kijiji na mzee wa ukoo siku ileile au asubuhi yake. Ukipita bila kuwasalimu, wao ndio watakaoulizwa siku ya kaburi, na watakumbuka. Kisha uliza swali hili mama yako: "Nani amefiwa tangu nilipokuja mara ya mwisho?" Pita kwa kila mmoja wao. Kaa dakika kumi, toa pole iliyochelewa, acha sabuni au kilo ya sukari. Katika ziara nzima hakuna jambo lenye uzito kama hili. Msiba wako utakapofika, watakaochimba kaburi, watakaoleta kuni, watakaowapisha wageni vitanda vyao ni hawa, na hawatauliza ulituma dola ngapi kwa mama yako. Watauliza kama ulikuja kwao.

Halafu shamba. Bushi tunajua ardhi ilipatikana kwa kalinzi: babu alimpa mwami au mwakilishi wake ng'ombe, akapewa ardhi ya kurithisha. Walioshuhudia wanakufa mmoja baada ya mwingine, na aliyekaribishwa kulima kwa muda, kwa bwasa, anaweza kuacha watoto wanaoamini kwamba ni mali ya baba yao. Zunguka mipaka pamoja na baba au mzee aliyebaki, majirani wa pande zote wakiwepo. Andika karatasi ya kawaida: shamba liko wapi, linapakana na nani kila upande, lilipatikana kwa nani na kwa njia gani. Majirani na shefu wa kijiji watie sahihi au kidole. Karatasi hiyo si hati ya serikali na haizuii kesi, lakini baraza la kijiji au la sheferi likikaa, linaanza na mashahidi, na wewe utakuwa nao wakiwa wameandikwa wangali hai.

Muulize mzazi pia anapotaka kuzikwa. Ni swali zito, na mtoto haliulizi ghafla. Pitia kwa baba mdogo au shangazi, ambaye anaweza kulileta wakati wa kutembea shambani, karibu na makaburi ya wazee katika migomba: "Kaka, wewe unapenda upande gani?" Wazee wengi hujibu bila shida, wana jibu siku nyingi. Jibu hilo litawaokoa watoto katika mabishano ya usiku wa manane kati ya mji na kijiji, kati ya shamba la mke mkubwa na la mke mdogo.

Watoto wako wachukue nao. Wakae hata wiki mbili wajue majina ya shangazi na wajomba. Mtoto wa Bukavu ambaye mara ya kwanza kufika kwao ni siku ya kumzika babu yake anabaki mgeni mbele ya watu wanaomwita mtoto wao.

Hatua ya nne: msiba wenyewe

Turudi kwa familia yetu. Miezi 20 baada ya kuanza, baba analetwa Bukavu amezidiwa, analazwa hospitali, na siku ya sita anafariki saa nane usiku. Mfuko mwekundu una dola 300.

Jambo la kwanza ni nani anapigiwa, na kwa utaratibu gani. Dada muuguzi aliye hospitalini anampigia fundi, mkubwa, peke yake. Fundi anampigia baba mdogo kijijini, si mama. Baba mdogo anakwenda kwa mama alfajiri akiwa na mama wengine wawili wa jirani, na ndipo habari inatolewa. Mjane asiambiwe kwa simu akiwa peke yake gizani. Na mtu yeyote asiandike kwenye kundi la WhatsApp kabla mama hajaambiwa. Upande wa pili, wajomba wa marehemu, yaani ukoo wa mama yake, wapewe habari kabla ya kutangaza siku ya kuzika. Wakisikia kwa watu, wanaweza kufika kaburini na kusimamisha kila kitu mpaka walipwe heshima yao, na watakuwa na haki.

Asubuhi kunakuwa na makundi mawili ya kazi. La kwanza linabaki hospitalini. Linahitaji karatasi ya daktari inayothibitisha kifo, hesabu ya deni, na nafasi ya morge. Hospitali nyingi hazitoi maiti deni likiwa halijalipwa, na kila siku ya morge inaongeza deni. Kwa hiyo mazungumzo na ofisi ya pesa yaanze asubuhi hiyohiyo, si siku ya kuondoka. Deni la familia yetu ni dola 180. Wanaomba kulipa 120, na 60 zilizobaki zinaandikwa kwa ahadi yenye sahihi ya dada na nakala ya kitambulisho chake, zilipwe mwisho wa mwezi. Inakubaliwa. Si kila mahali hukubaliwa, lakini anayeomba mapema kwa heshima, akiwa na sehemu kubwa mkononi, husikilizwa kuliko anayekuja gari likiwa limeshawaka nje. Kwa karatasi ya daktari wanakwenda ofisi ya hali ya raia ya komine kuomba kibali cha kuzika na ruhusa ya kusafirisha mwili. Tengenezeni nakala nne. Kwenye bariere wataomba karatasi, na msiba hauwaogopeshi.

Kundi la pili linakaa nyumbani kwa fundi, ambako turubai limetandazwa na majirani wa avenu wameanza kuingia. Hapo anateuliwa mtu mmoja wa daftari, na ni vizuri awe jirani au mtu wa kanisa, si mtoto wa marehemu. Mtoto analia, anaitwa huku na huku, pesa zinaingia katika mifuko mitano ya koti. Kila mchango unaandikwa jina na kiasi mbele ya aliyetoa, hata faranga 1,000, hata kilo mbili za mchele. Daftari hilo ni la kurudishia: mwaka ujao mtu yule akifiwa, utalifungua ujue alisimama nawe vipi.

Hesabu yao, mbali na kile ambacho ndugu wa Lubumbashi aliongeza kwenye sanduku na chakula, ilikaa hivi. Hospitali 180, morge 30, sanduku 110, gari la kubeba mwili na Fuso ya watu 150, chakula cha waombolezaji mjini na kijijini 130, kaburi na mambo madogo 40. Jumla 640. Kilichopo: mfuko mwekundu 300, kasha jekundu la Muso ya dada 50, watu wa avenu 95, kanisa 60. Jumla 505. Pengo ni 135. Sitini za hospitali zimeshasogezwa mbele, kwa hiyo siku hiyo zinakosekana 75. Dada anazikopa katika kasha la kijani la Muso yake kwa miezi mitatu. Bila mfuko mwekundu pengo lingekuwa 435, na kwa pengo la namna hiyo ndiyo shamba huuzwa kwa jirani aliyelisubiri miaka yote, kwa bei anayoitaja yeye.

Bei hizi ni za familia hiyo na za wakati huo. Sehemu inayovimba haraka kuliko zote ni chakula, kwa kuwa kila siku ya kungoja ni siku ya kulisha watu pande mbili. Ndugu wa Lubumbashi akisema "nisubirini nipate tiketi", mwekeeni hesabu mbele yake kwa upole: kila siku ni morge, ni mchele, ni kuni. Katika familia yetu aliambiwa ukweli, akatuma pesa ya nauli iongezwe kwenye sanduku na chakula, akaongea kwa simu iliyowekwa sauti kubwa kabla ya mwili kuondoka, na mtoto wa kaka yake akatupa udongo kwa jina lake. Akaja kuondoa matanga. Kijiji hakikumlaumu, kwa sababu pesa yake ilifika kabla ya kaburi na sauti yake ilisikika. Pesa inayofika baada ya kuzika, hata ikiwa mara mbili, hupokelewa kwa uso mwingine.

Siku moja kabla ya mwili, motari anatangulia kijijini na pesa ya kaburi na chakula katika noti ndogo. Noti ndogo ni muhimu: wachimbaji, mama wa kuni, mwenye kasigsi, kila mmoja anapewa chake mkononi, na noti ya 20,000 haina chenji kule. Pesa ya kazi ya kijijini anakabidhiwa baba mdogo mbele ya mama na mtu wa tatu, kiasi kikitajwa kwa sauti. Msiwape watu pesa barabarani gari linaposimama. Mahali pa kaburi pameshajulikana tangu ile safari ya kiangazi, kwa hiyo asubuhi shimo liko tayari.

Msafara uondoke Bukavu mapema, saa kumi na mbili, hasa kuanzia Septemba hadi Mei. Mvua za mchana zikinyesha kati ya Nyantende na Mugogo, Fuso iliyojaa watu inateleza, na maiti haifai kulala njiani. Mpangie dereva malipo kwa nusu: nusu kabla, nusu baada ya kuwarudisha watu, na mkubaliane mapema nani analipa bariere.

Hatua ya tano: baada ya kaburi

Kabla ya watu wa mjini kupanda gari, daftari lifunguliwe ndani ya nyumba. Isomwe kilichoingia, kilichotoka, na deni linalobaki limetajwa kwa jina la mwenye kulilipa. Kijijini michango ya familia yetu ilifika kama dola 40 kwa faranga, mbali na ndizi, maharagi na mbuzi mmoja. Zote 40 ziliwekwa kwa zile 60 za hospitali. Kama kikao hiki hakifanyiki, ndani ya mwezi mtasikia kwamba fundi "amejenga kwa pesa ya matanga".

Jambo la pili ni mjane. Wapo ndugu wa marehemu watakaoanza kuuliza habari za ng'ombe, bati na shamba kabla matanga hayajaondolewa. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inawaweka watoto, wa kiume na wa kike, mbele ya kaka na dada za marehemu, na inamlinda mjane katika nyumba aliyokuwa akiishi na mume wake. Baba mkubwa au mzee wa ukoo aliye upande wenu aseme neno hilo siku hiyohiyo, watu wakiwa wamekaa: "Mama huyu haondoki hapa." Likisemwa na mzee mbele ya kijiji, huwa na nguvu kuliko likisemwa na mtoto wa mjini akishika karatasi.

La tatu, kifo kiandikishwe katika ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 30, ya mahali kilipotokea. Kwa familia yetu ni komine yenye hospitali hiyo, mjini Bukavu. Aliyefia kijijini anaandikishwa katika ofisi ya sheferi. Hati ya kifo ndiyo itakayoulizwa kwa pensheni, kwa akaunti, kwa laini ya simu yenye salio, kwa kesi ya shamba. Ukipitisha muda, utatafuta hukumu ya mahakama, na gharama yake inazidi mbali ile ya kuandikisha kwa wakati.

Mwezi unaofuata mfuko mwekundu uko sifuri na kuna deni la 75 kwenye Muso pamoja na riba, na 20 za hospitali. Matunzo ya mama hayaguswi, kwa kuwa sasa ni mjane na anahitaji zaidi. Familia ilisimamisha mfuko wa njia kwa miezi mitatu na kuelekeza dola 25 za kila mwezi, yaani zile 15 za msiba na 10 za njia, kwenye mkopo wa Muso. Riba yake alilipa dada, na 20 za hospitali alizitoa fundi mwisho wa mwezi, vyote vikiandikwa. Mwezi wa nne 15 zilirudi kuingia kwenye nyekundu na 10 kwenye njia, na nauli ya kwanza iliyotoka humo ilimpeleka motari kwa wale waliochimba kaburi, akiwa na sabuni na chumvi kwa kila nyumba.